Simu ya megapikseli 108, picha ya milioni 12

Mdogo wangu anaoka keki za oda nyumbani kwake Tanga, na picha ndiyo duka lake. Mteja haonji keki kabla ya kuagiza, anaiona kwenye WhatsApp. Kwa hiyo alijibana miezi kadhaa akanunua simu mpya yenye maandishi makubwa mgongoni, 108MP. Wiki ya pili akanipigia. "Dada, mbona picha zake zina chenga? Ile simu ya zamani ya shemeji inanipigia vizuri kuliko hii."

Shemeji anayemtaja ni mume wangu. Simu yake ni Pixel 3a, iliyotoka mwaka 2019, na aliinunua ikiwa imeshatumika. Kamera yake ya nyuma ina megapikseli 12.2. Kwa hesabu ya dukani, simu ya mdogo wangu inaizidi karibu mara tisa.

Mimi ninapiga picha za harusi kwa kamera kubwa, na swali hili naulizwa kila wiki, ila safari hii nilikuwa na simu zote mbili mkononi, keki moja na sebule moja yenye balbu moja. Nikamwambia afungue picha aliyopiga usiku uliopita, abonyeze sehemu ya maelezo, anisomee ukubwa wake. Akasoma: 4000 × 3000.

Elfu nne mara elfu tatu ni milioni kumi na mbili. Simu imeuzwa kwa jina la milioni mia na nane, na picha inayotoka ni ya milioni kumi na mbili, sawa na ya ile simu ya zamani. Hakuna aliyemwibia. Simu nyingi za 108 hufanya hivyo zenyewe, usipogusa chochote, na zina sababu nzuri.

Mkeka na miraba

Nyuma ya lenzi ya simu kuna kibao kidogo cha silikoni kinachopokea mwanga. Tukiite kihisi. Kimegawanywa katika vyumba vidogo mno, na kila chumba ni pikseli moja. Megapikseli moja ni vyumba milioni moja. Kwa hiyo megapikseli ni hesabu ya vyumba, na hesabu ya vyumba haikuambii nyumba ina ukubwa gani.

Mtu anayeanika mpunga juani anaelewa jambo hili upesi. Mkeka wake una eneo fulani, na jua linalouangukia ni la eneo hilo. Akichukua chaki akauchora miraba kumi na miwili au miraba mia na minane, jua lililoangukia mkeka halikuongezeka. Kilichobadilika ni kwamba kila mraba sasa ni mdogo zaidi na unapata jua kidogo zaidi. Akitaka jua zaidi ana njia mbili tu: atandike mkeka mkubwa, au auache juani muda mrefu. Kwenye simu kuna njia ya tatu, kupanua dirisha ambalo mwanga unapitia. Nitazieleza zote tatu, kwa sababu ubora wa picha ya usiku kwa sehemu kubwa unatoka humo.

Mikeka ya hizi simu mbili ina ukubwa gani? Ukiingia tovuti kama GSMArena ukaitafuta simu yako, kwenye safu ya kamera kuu utakuta mstari wa namna hii. Wa kwanza ni wa simu ya 108 ya aina aliyonunua mdogo wangu, wa pili ni wa Pixel 3a:

```
108 MP, f/1.8, 26mm, 1/1.67", 0.64µm, PDAF
12.2 MP, f/1.8, 28mm, 1/2.55", 1.4µm, PDAF, OIS
```

Watu husoma namba ya kwanza wakaishia hapo. Mimi huanza na ile yenye alama ya inchi, maana hiyo ndiyo mkeka. Imeandikwa kwa sehemu, na kama sehemu zote, namba ya chini ikiwa ndogo kitu chenyewe ni kikubwa. 1/1.67 ni kihisi kikubwa kuliko 1/2.55. Usijaribu kuipima kwa rula, kwa sababu si inchi za kweli. Namba hizi zimerithiwa kutoka enzi za kamera za televisheni zilizotumia mirija ya kioo. Inchi zilikuwa kipenyo cha mrija kwa nje, na sehemu iliyonasa picha ndani yake ilikuwa kama theluthi mbili tu. Mirija ilishaondoka, namna ya kuandika ikabaki. Ndiyo maana kihisi cha 1/1.67, ambacho kwa hesabu ya inchi kingekuwa na milimita 15, kona hadi kona yake ni milimita 9.6 tu.

Eneo la kweli linapatikana kwa namba ya mwisho, upana wa pikseli moja. Umeandikwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Pikseli za Pixel 3a zina upana wa maikroni 1.4 na zimepangwa 4032 kwa 3024. Zidisha, utapata kihisi cha milimita 5.6 kwa 4.2, yaani milimita za mraba kama 24. Simu ya 108 ina pikseli za maikroni 0.64, zimepangwa 12000 kwa 9000, na kihisi chake ni milimita 7.7 kwa 5.8, yaani milimita za mraba 44. Vyote viwili ni vidogo kuliko punje ya harage.

Kwa hiyo simu ya mdogo wangu ina mkeka mkubwa, karibu mara mbili. Nasisitiza hili kwa sababu wengi waliochoshwa na matangazo wameruka upande wa pili wanasema megapikseli ni uongo mtupu, na simu yenye megapikseli nyingi haina kitu. Si kweli. Mara nyingi vihisi vya 108 na 200 ni vikubwa, maana vyumba vyote hivyo lazima vipate pa kukaa. Ila kinachovibeba ni ule ukubwa. Zipo simu za bei nafuu zenye megapikseli 50 ambazo kihisi chake ni cha 1/2.76, kidogo kuliko kile cha Pixel 3a chenye 12.

Chenga zinatoka wapi

Mwanga haumiminiki kama maji. Unakuja kwa chembe, moja moja, na chembe hizo huangukia kihisi bila mpangilio, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Matone yakiwa machache, bati moja litapata mengi na la jirani yake machache, ingawa mvua ni ileile. Mvua ikikolea, tofauti hiyo hupotea machoni.

Kanuni yake ni rahisi. Pikseli ikipokea chembe 100, hesabu yake huyumba kwa kipeuo cha pili cha mia, yaani 10, juu au chini. Hiyo ni asilimia kumi. Krimu nyeupe ya keki, ambayo yote inapaswa kuwa na mwangaza mmoja, itatoka na pikseli moja yenye 90, ya jirani 110, nyingine 96. Jicho linauona uso wenye mchangamchanga. Hizo ndizo chenga. Pikseli ikipokea chembe 10,000, huyumba kwa 100, yaani asilimia moja tu, na krimu inatoka laini.

Sasa tulete simu zetu mbili chini ya ile balbu. Tuseme pikseli moja ya simu ya 108 imepata chembe 100 katika muda wa picha moja. Pikseli ya Pixel 3a ina eneo kama mara 4.8 zaidi, na matundu ya lenzi yameandikwa namba moja, f/1.8, kwa hiyo kwa muda uleule itapata kama 480. Ya kwanza inayumba kwa asilimia 10. Ya pili, kipeuo cha pili cha 480 ni kama 22, inayumba kwa asilimia 4.6.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini simu ya 108 haikupi milioni 108. Waliotengeneza kihisi wanajua hesabu hii. Wamezipanga pikseli tisatisa chini ya kichujio kimoja cha rangi, tisa zote nyekundu, tisa za jirani zote kijani, na simu inazijumlisha tisa kuwa moja. Mia na nane ukigawa kwa tisa unapata kumi na mbili. Pikseli hiyo ya pamoja ina chembe 900, inayumba kwa 30, asilimia 3.3. Simu za megapikseli 50 nyingi hujumlisha nne nne na kutoa 12.5, na za 200 nyingi hujumlisha kumi na sita zikafika palepale. Kampuni zinatoka njia tofauti zinakutana kwenye milioni kumi na mbili hivi. Apple ilikaa na megapikseli 12 kwenye kamera kuu ya iPhone tangu 2015 hadi 2021, na picha zake zilizidi kuwa nzuri kila mwaka.

Jambo hili lina historia. Mwaka 2012 Nokia ilitoa simu iitwayo 808 PureView, yenye megapikseli 41, namba iliyowashangaza watu. Ukiiacha ilivyo, ilikuwa inatoa picha ya megapikseli 5. Zilizobaki zilikuwa zinachanganywa ili kila pikseli ya picha iwe safi. Na kihisi chake kilikuwa cha 1/1.2, kikubwa kuliko vya simu nyingi zinazouzwa leo.

Kwa hesabu hii simu ya mdogo wangu ilipaswa kushinda, asilimia 3.3 dhidi ya 4.6. Haikushinda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kosa lake mwenyewe. Alipoona picha hazimpendezi, aliingia kwenye menyu akachagua modi ya 108MP, akidhani anaipandisha simu daraja. Kwa kufanya hivyo alizitenganisha zile tisa, akarudi kwenye pikseli zenye chembe mia mia. Picha ikawa na chenga zaidi, ikala nafasi zaidi kwenye simu, na WhatsApp ikaipunguza kabla haijamfikia mteja. Sababu ya pili ni OIS, mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, nayo tutaifikia.

f/1.8 ni uwiano

Namba yenye f ni ya tundu la lenzi. Inapatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa lenzi kwa kipenyo cha tundu, kwa hiyo namba ikiwa ndogo tundu ni pana. Na athari yake huenda kwa kuzidisha namba kwa yenyewe. Kutoka f/1.8 hadi f/2.4 haionekani kama safari ndefu, lakini 2.4 kugawa kwa 1.8, kisha jibu ulizidishe kwa lenyewe, inatoka 1.78. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara mbili ya ile ya f/2.4. Kamera ya pembe pana, ambayo mara nyingi ni f/2.2 au f/2.4 na kihisi chake ni kidogo zaidi, ndiyo inayoharibu picha za kundi usiku. Ukumbini rudi hatua tatu nyuma utumie kamera kuu, usibonyeze 0.5×.

Kosa ninaloliona kila siku ni la kulinganisha f za simu mbili kama vile ni kipimo cha ukubwa. Ni uwiano. Lenzi ya Pixel 3a imeandikwa 28mm kwa kulinganishwa na kamera kubwa za filamu, ila fokasi yake ya kweli ni milimita 4.4 hivi, na ukigawa kwa 1.8 tundu lina upana wa kama milimita 2.5. Simu ya 108 ina kihisi kikubwa, kwa hiyo fokasi yake inabidi iwe ndefu zaidi ili ione eneo linalokaribiana na hilo, kama milimita 5.8. Gawa kwa 1.8, tundu ni milimita 3.2. Zote zimeandikwa f/1.8, na moja ina dirisha pana kuliko nyingine. f ndogo kwenye kihisi kidogo haifuti udogo wa kihisi. Na kile kinundu cha kamera kinachokera mezani kipo kwa sababu hiyohiyo: lenzi ndefu inahitaji nafasi, na simu ni nyembamba.

Tundu lina jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi. Mwanga ukipita tunduni hutawanyika kidogo, kwa hiyo hata lenzi iliyotengenezwa bila kosa lolote haiwezi kuchora nukta ndogo kupita kiasi fulani. Kwa mwanga wa kijani na tundu la f/1.8, nukta ndogo kabisa ina upana wa kama maikroni 2.4. Irudishe kwenye pikseli za maikroni 0.64: nukta moja inafunika pikseli karibu nne kwa upana na nne kwa urefu. Hizo pikseli zote zinaangalia nukta moja. Ukiongeza vyumba bila kubadilisha lenzi, unahesabu nukta ileile mara nyingi zaidi.

Hata hivyo modi ya 108 si ya kutupa. Mchana, kwenye mwanga wa jua, chembe ni nyingi kiasi kwamba hata pikseli ndogo zinatosheka. Hapo picha kamili inabeba zaidi ya ile ya milioni 12, ingawa si mara tisa. Nimeijaribu kwenye ubao wa matangazo wa upande wa pili wa barabara: maandishi madogo ya chini yalisomeka kwenye picha ya 108 na hayakusomeka kwenye ya 12. Anayekata kipande cha picha akikikuze, au anayepiga picha ya nyaraka, ana sababu ya kuitumia. Ila iwe mchana na mkono uwe umetulia.

Kununua muda

Hili ndilo eneo ambalo simu ya zamani iliishinda mpya. Rudi kwenye ile mistari miwili ya kamera uone herufi zilizopo mwishoni mwa mmoja na hazipo kwenye mwingine: OIS.

Nilisema mkeka unaweza kuachwa juani muda mrefu. Kwenye kamera, muda huo ni wa shata, na tatizo lake ni mkono wa binadamu. Hakuna mkono uliotulia kabisa. Mapigo ya moyo, pumzi, na kule kubonyeza kwenyewe kunaisogeza simu, na shata ikiwa wazi muda mrefu picha inacheza. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni ya kidole: kwa lenzi ya 26mm usishuke chini ya sehemu ya 1/26 ya sekunde bila kuegemea kitu. Simu isiyo na OIS inaliheshimu hilo. Ikiona giza, badala ya kuongeza muda inapandisha ISO, yaani inakuza ule mwanga mdogo iliopata, na inakuza chenga pamoja nao.

OIS ni mtambo, kitu chenye viungo. Ndani ya kamera lenzi imening'inizwa kati ya sumaku na koili. Kifaa kinachopima mzunguko wa simu kinahisi mkono umeinama upande huu, na koili inaisukuma lenzi upande wa pili kwa sehemu ndogo ya milimita, mara nyingi mno kwa sekunde. Picha inabaki palepale juu ya kihisi. Nokia Lumia 920 ilikuwa simujanja ya kwanza kuja nayo, mwaka 2012, na mwaka 2020 iPhone 12 Pro Max iligeuza utaratibu: badala ya lenzi, kinachosogezwa ni kihisi chenyewe.

Sasa tumalizie hesabu ya keki. Nilipolinganisha maelezo ya picha za simu zote mbili, ile ya 108 ilikuwa imetumia shata ya 1/40 ya sekunde. Pixel 3a ilikuwa imetumia 1/10. Ni muda mara nne. Zile chembe 480 zinakuwa 1,920, kipeuo chake ni kama 44, na kuyumba kunashuka hadi asilimia 2.3. Simu ya 108, hata ikizijumlisha tisa zake, iko kwenye 3.3. Mkeka mdogo uliokaa juani muda mrefu umeushinda mkeka mkubwa ulioanuliwa mapema.

Ila hesabu hii ni ya keki, na keki haitembei. Wiki hiyohiyo mtoto wa mdogo wangu alikuwa anatimiza miaka mitano, watoto wakawa wanacheza muziki sebuleni chini ya balbu ileile. OIS inatuliza mkono wa mpigaji, haimtulizi mtoto anayeruka. Kwa 1/10 ya sekunde mikono ya watoto ilitoka kama moshi. Ili kuwanasa, simu zote mbili zililazimika kwenda kwenye shata fupi, na muda ukishalingana ushindi unarudi kwa mkeka mkubwa: asilimia 3.3 dhidi ya 4.6. Na ndivyo ilivyokuwa. Picha za watoto za simu ya 108, zikiwa kwenye modi yake ya kawaida, zilikuwa bora, na hizo ndizo zilizotumwa kwa bibi yao.

Ukiuliza kamera ipi ni nzuri bila kusema unapiga nini, mimi siwezi kukujibu.

Modi ya usiku inaingilia hesabu hii bila kuifuta. Inapiga picha nyingi fupi kwa mfululizo na kuzipanga moja juu ya nyingine, na picha tisa zikipangwa vizuri hupunguza chenga hadi theluthi. Lakini simu yenye OIS inaweza kuipa kila picha ya mfululizo huo muda mrefu zaidi, kwa hiyo faida yake inabaki. Na mtoto akiruka katikati ya mfululizo, programu inabidi imtupe au imchore na mikono minne.

Muuzaji atakuambia hata simu isiyo na OIS ina EIS. Ni kitu kingine. EIS ni programu ya video: inakata kingo za picha na kuihamisha fremu ili mtikisiko usionekane. Haigusi mwanga, kwa hiyo haina msaada kwa picha ya mnato. Hata kwenye video utaigundua usiku. Tembea barabarani ukirekodi taa za nguzo. Video itaonekana imetulia, lakini kila hatua ya mguu taa zinavutika kama mate kisha zinarudi nukta. Kila fremu ilishacheza kabla programu haijaipanga.

Kwa kuwa OIS ina viungo vinavyosogea, inaumwa. Mwaka 2021 Apple ilichapisha onyo kwamba mtetemo wa injini za pikipiki kubwa unaweza kudhoofisha kamera zake, na kwa pikipiki ndogo ikashauri kishikizi kinachopunguza mtetemo. Huku kwetu simu ikifungwa kwenye usukani wa bodaboda hukaa hapo siku nzima kusoma ramani, kisha baadaye inauzwa. Ukinunua simu iliyotumika, fungua kamera, ielekeze kwenye ukuta wenye maandishi na ushike kwa utulivu. Picha kwenye kioo ikitetemeka yenyewe kama jeli, au ukisikia mlio mwembamba wa mbung'o karibu na lenzi, mtambo umeharibika, na simu hiyo itapiga vibaya kuliko ambayo haikuwahi kuwa na OIS. Mlio wa kutikatika ukiitikisa simu ikiwa imezimwa si ugonjwa. Hiyo ni lenzi inaning'inia kama ilivyoundwa.

Angalia pia kioo cha juu ya lenzi. Kikiwa kimebadilishwa na fundi kwa kioo duni, taa zote za usiku zinatoa ukungu, na hakuna kihisi kinachotibu hilo. Na zile kamera za tatu na nne za 2MP kwenye simu za bei nafuu huwa sizihesabu kabisa.

Dukani ninafanya hivi. Naomba simu mbili ninazozifikiria, naenda pembe yenye giza kuliko zote, chini ya kaunta kwa mfano, napiga kitu kimoja chenye maandishi kwa modi ya kawaida, bila kubadilisha chochote. Kisha nafungua maelezo ya picha na kusoma vitu viwili, muda wa shata na ISO. Simu iliyotumia 1/10 na ISO 400 huku maandishi yakisomeka ina mtambo unaofanya kazi. Iliyotumia 1/40 na ISO 1600 haina, hata kama boksi limeandikwa maneno gani. Halafu namwomba muuzaji apungie mkono mbele ya kamera, napiga tena, nakuza vidole vyake. Picha hizo nne zinachukua dakika mbili.

Mdogo wangu hakubadilisha simu. Tulimnunulia stendi ndogo ya miguu mitatu na kishikizi cha simu. Keki ikikaa mezani na simu ikikaa kwenye stendi, hakuna mkono wa kutuliza tena, na hakuna haja ya OIS. Anaingia modi ya kitaalamu, anaweka shata 1/10 na ISO 200, anaweka kihesabu muda cha sekunde mbili ili kidole chake kisiitikise simu, kisha anarudi nyuma. Zile chembe 900 zinakuwa 3,600, kipeuo chake 60, asilimia 1.7. Picha ya juzi ilikuwa ya keki ya harusi ya ngazi tatu, krimu nyeupe tupu kuanzia juu hadi chini. Nimeikuza mpaka mwisho kwenye ukingo wa ngazi ya kati, pale chenga zilipokuwa zinaanzia, na alama za kisu cha kulainishia krimu zinahesabika. Ukubwa wake ni 4000 × 3000.